Urari wa malipo na nakisi yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mfano mkuu katika majibu haya ni Msumbiji. Ndani ya muongo mmoja nchi hiyo ilipata nakisi mbili zinazofanana kwenye karatasi: moja ilitokana na boti za kuvua jodari, nyingine na mtambo wa gesi unaoelea baharini. Moja iliiangusha sarafu ya nchi. Nyingine ilikuwa kubwa kuliko hiyo kwa mbali, na sarafu haikutikisika.

Urari wa malipo ni nini hasa?

Ni hesabu ya miamala yote kati ya wakazi wa nchi na wasio wakazi wake, kwa robo mwaka au mwaka mzima. Nchi karibu zote huiandaa kwa kufuata mwongozo mmoja wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, na ndiyo maana unaweza kulinganisha jedwali la Dodoma na la Nairobi bila kuumiza kichwa.

Kinachoangaliwa ni ukazi, si uraia. Mkenya aliyehamia Doha na kufanya kazi huko miaka mitatu ni mkazi wa Qatar, kwa hiyo hela anayomtumia mama yake Kakamega inahesabiwa kuwa imetoka nje. Kampuni iliyosajiliwa Maputo na kufanya shughuli zake Msumbiji ni mkazi wa Msumbiji, hata kama wenye hisa wote wako Milano na Houston. Kumbuka hilo, maana bila hilo hesabu ya mtambo wa gesi haitaeleweka.

Akaunti zake ni zipi?

Ya kwanza ni urari wa malipo ya kawaida, ambao hapa nitauita akaunti ya kawaida. Humo mna bidhaa zinazouzwa na kununuliwa nje. Huduma kama utalii, usafirishaji na bima. Mapato ya mitaji na kazi, yaani riba, gawio, faida na mishahara inayovuka mpaka. Na uhamisho usiodai kitu mkononi, kama fedha za ndugu walio ughaibuni na misaada.

Ya pili, akaunti ya mitaji, ni ndogo katika nchi nyingi. Hupokea vitu kama misaada ya kujengea miradi na msamaha wa madeni. Tuipite.

Ya tatu ni akaunti ya fedha. Hapa ndipo panapoandikwa nani amenunua mali ya nani na nani amemkopesha nani: uwekezaji wa moja kwa moja, ambapo mgeni anashika angalau asilimia 10 ya nguvu za kura katika kampuni, ununuzi wa hisa na hati fungani, mikopo na amana za benki, na mwisho, mabadiliko ya akiba ya fedha za kigeni iliyo chini ya benki kuu.

Chini kabisa ya jedwali kuna mstari wa makosa na yaliyoachwa. Nitaurudia.

Nimesikia urari wa malipo lazima ulingane. Sasa nakisi inatoka wapi?

Hesabu nzima hulingana kwa sababu kila muamala huandikwa mara mbili, upande wa kilichopokelewa na upande wa kilicholipia. Inayokuwa na nakisi ni sehemu moja ya hesabu hiyo, na habari zinaposema “nakisi” karibu kila mara zinakusudia akaunti ya kawaida.

Nchi ikiwa na nakisi ya dola milioni 100 kwenye akaunti ya kawaida, basi dola milioni 100 zimepatikana mahali pengine: wageni wamenunua mali ndani ya nchi, au wameikopesha, au benki kuu na wakazi wengine wamechota kwenye akiba waliyo nayo nje. Hakuna njia ya nne, ukiacha kiasi kidogo cha akaunti ya mitaji na makosa ya takwimu. Kwa hiyo swali la “nakisi ni kubwa kiasi gani?” ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni nani aliyeilipia, na kwa masharti gani.

Kuna njia nyingine ya kuitazama namba hiyohiyo. Nakisi ya akaunti ya kawaida ni tofauti kati ya akiba ya nchi nzima, ya serikali, kampuni na kaya, na uwekezaji wake. Nchi inayowekeza kuliko inavyojiwekea akiba lazima itumie akiba ya wengine. Hapo utaona kwamba pengo linaweza kupanuka kwa njia mbili. Uwekezaji umepanda, au akiba imeshuka. Kijana aliyekopa kununua bodaboda na kijana aliyekopa kufanyia harusi wote wana madeni sawa daftarini, lakini mkopeshaji mwenye akili hawaulizi maswali sawa.

Tupe mfano halisi wa nakisi isiyotisha.

Mwezi Januari 2022 mtambo wa Coral Sul uliwasili katika maji ya Msumbiji, kwenye bonde la gesi la Rovuma, mkoa wa Cabo Delgado, si mbali na mpaka wa Tanzania. Ulikuwa umeundwa Korea Kusini katika karakana ya Samsung kwenye kisiwa cha Geoje. Ni chombo chenye urefu wa mita 432, kilichoundwa kuchota gesi chini ya bahari, kuipoza iwe kimiminika na kuipakia melini papo hapo, hadi tani milioni 3.4 kwa mwaka. Mwendeshaji ni Eni ya Italia akiwa na washirika, miongoni mwao ExxonMobil, CNPC ya China na kampuni ya taifa ya Msumbiji, ENH. Uamuzi wa kuwekeza ulifanyika mwaka 2017, na gharama ya mradi mzima ilitajwa kuwa kama dola bilioni 7.

Pato lote la Msumbiji kwa mwaka wakati huo lilikuwa chini ya dola bilioni 20. Fikiria basi chombo kimoja cha thamani hiyo kinapoingia kwenye mstari wa bidhaa zilizoagizwa nje. Nakisi ya akaunti ya kawaida mwaka 2022 ilifika takribani theluthi moja ya pato la taifa. Ukimwonyesha mtu namba hiyo bila maelezo atakuambia nchi imekwisha. Mwaka uliofuata ilishuka hadi zaidi kidogo ya asilimia 10, na dola moja ikaendelea kubadilishwa kwa meticais 63 au 64 kama ilivyokuwa kabla.

Sarafu haikutikisika kwa sababu hakuna mtu aliyekwenda kununua dola kwenye benki za Maputo ili kulipia mtambo ule. Fedha zilitoka kwa wanahisa na kwa mabenki ya kimataifa, kwa dhamana za mashirika ya kukuza mauzo ya nje ya nchi kadhaa, zikaenda kwa waundaji. Sehemu kubwa haikugusa kabisa soko la fedha la Msumbiji.

Nitumie namba za kubuni ili uone uandishi wenyewe. Tuseme mtambo una thamani ya 100. Wanahisa wa nje wametoa 40 na mabenki ya nje yamekopesha 60. Mwenye mtambo ni kampuni iliyosajiliwa Msumbiji, kwa hiyo ni mkazi.

```
Akaunti ya kawaida
  Bidhaa zilizoagizwa (mtambo)     -100
Akaunti ya fedha
  Uwekezaji wa moja kwa moja        +40
  Mikopo kutoka nje                 +60
  Akiba ya benki kuu                  0
Jumla                                 0
```

Tazama mstari wa akiba ya benki kuu. Ni sifuri. Nakisi ya 100 imezaliwa na kulipiwa katika muamala mmoja. Katika uhalisia mambo hayaangukii siku moja, kwani bidhaa huandikwa pale umiliki unapohama na fedha za ujenzi hutolewa kwa miaka kadhaa, lakini mantiki haibadiliki.

Gesi ilipoanza kuuzwa, fedha zote ziliingia Msumbiji?

La, na hapa ndipo wapenda miradi mikubwa hunyamaza. Meli ya kwanza ya gesi iliondoka Novemba 2022. Kuanzia hapo mauzo ya nje yalipanda, lakini mistari mingine ya jedwali nayo ikaanza kusogea. Tuendelee na namba zetu za kubuni. Mwaka mmoja mtambo unauza gesi ya 30. Unalipa 6 kwa wataalamu na wakandarasi wa nje, riba ya 4, na unarudisha 5 ya mkopo. Kodi, mrabaha, mishahara ya wakazi na manunuzi ya ndani ni 3. Faida ya wanahisa wa nje ni 12.

```
Akaunti ya kawaida
  Bidhaa zilizouzwa (gesi)          +30
  Huduma kutoka nje                  -6
  Riba kwa mabenki ya nje            -4
  Faida ya wanahisa wa nje          -12
  Jumla ya akaunti ya kawaida        +8
Akaunti ya fedha
  Marejesho ya mkopo                 -5
Kinachobaki nchini                   +3
```

Mauzo ya 30 yameifaidi akaunti ya kawaida kwa 8 tu, na fedha za kigeni zilizobaki nchini ni 3. Mkopo ukiisha na kodi ya mapato ikianza kulipwa kikamilifu, hiyo 3 hukua. Ndivyo mikataba ya gesi na mafuta inavyopangwa, mwekezaji arudishiwe gharama kwanza. Kwa hiyo nakisi ya mtambo haikuwa hatari, lakini hilo halithibitishi kwamba mkataba ulikuwa mzuri. Ni maswali mawili tofauti. Ukitaka kujua kama nchi inapunjwa, soma mgawo wa kodi na mrabaha. Jedwali la urari wa malipo halitakuambia.

Kuna kitu kimoja hapa kinachowapotosha hata wanahabari wa uchumi. Faida ya mwenye hisa wa nje huandikwa kuwa imetoka hata kama hajaihamisha. Tuseme katika ile 12 ameacha 4 ndani ya kampuni ili kupanua kazi. Jedwali litaonyesha 12 ikitoka kwenye akaunti ya kawaida na 4 ikiingia kwenye uwekezaji wa moja kwa moja. Hakuna dola iliyosafiri, ila nakisi imeongezeka kwa 4. Nchi zenye viwanda na benki nyingi za wageni hubeba kiasi fulani cha nakisi ya aina hii kila mwaka.

Basi nakisi mbaya ni ipi?

Rudi nyuma miaka michache, nchi ileile. Mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali ya Msumbiji zilikopa nje, jumla dola bilioni 2. Iliyojulikana zaidi ni Ematum, iliyochukua dola milioni 850 kwa ajili ya boti za kuvua jodari. Nyingine mbili, Proindicus na MAM, zilichukua takribani dola milioni 622 na 535 kwa ulinzi wa pwani na karakana za meli. Mikopo hii miwili bunge halikuiidhinisha na wananchi hawakuijua. IMF pia haikuarifiwa. Yote ilikuwa na dhamana ya serikali.

Kwa jicho la urari wa malipo, picha ilikuwa ileile ya mtambo: bidhaa zimeagizwa, mkopo wa nje umelipia. Boti zilifika Maputo, na nyingi zikabaki zimefungwa gatini. Samaki waliotarajiwa kuleta dola hawakuonekana kwa kiasi chochote cha maana. Riba ilikuwa kwa dola, tarehe za kulipa zilikuwa zimewekwa, na mwenye deni, dhamana ilipoitwa, alikuwa hazina ya taifa.

Aprili 2016 mikopo iliyofichwa ilifichuka. IMF ikasimamisha fedha zake, wafadhili wa bajeti wakafuata. Mwanzoni mwa 2015 dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa meticais thelathini na kitu. Kufikia Oktoba 2016 ilikaribia 80. Januari 2017 serikali ikashindwa kulipa riba ya hati fungani zilizochukua nafasi ya deni la Ematum. Ukaguzi wa kampuni ya Kroll uliotangazwa mwaka huohuo ulikuta kwamba bei zilizotozwa zilizidi makadirio huru kwa takribani dola milioni 700, na matumizi ya dola milioni 500 hayakuwa na maelezo.

Lakini nisiiweke lawama yote kwenye boti. Katika miaka hiyo bei za makaa ya mawe na alumini, ambazo Msumbiji inauza nje, zilishuka, na uwekezaji mpya ulipungua. Deni la siri liliikuta nchi ikiwa tayari imechoka. Hivyo ndivyo inavyokuwa mara nyingi: nakisi mbaya huvumilika hadi kitu kingine kiharibike.

Nitazitofautishaje kabla mambo hayajaharibika?

Anza kwenye akaunti ya fedha, si ya kawaida. Uwekezaji wa moja kwa moja ukiwa ndio unaolipia sehemu kubwa ya nakisi, hasara ya mradi humwangukia mwenye hisa: gesi ikishuka bei, faida yake inapungua na mstari ule wa 12 unakuwa mdogo wenyewe. Deni halina huruma hiyo. Riba inabaki palepale bei iwe juu au chini. Deni la muda mfupi ni hatari zaidi, maana nchi inahitaji mkopeshaji akubali upya kila baada ya miezi michache.

Kisha uliza ni nani anabeba hatari ya sarafu. Serikali inayokusanya kodi kwa shilingi na kudaiwa dola huona deni lake likivimba siku sarafu inaposhuka, bila kukopa senti mpya. Kenya ilipita karibu na ukingo huo. Hati fungani ya miaka kumi ya dola bilioni 2, iliyouzwa mwaka 2014, ilikuwa inaiva Juni 2024. Kadiri tarehe ilivyokaribia shilingi ilishuka hadi kama 160 kwa dola mwezi Januari. Februari serikali iliuza hati mpya ya dola bilioni 1.5, ambayo wawekezaji walidai faida ya zaidi ya asilimia 10 ili kuinunua, ikatumia fedha hizo kuikomboa mapema sehemu kubwa ya ile ya zamani, na shilingi ikarudi karibu na 130. Akaunti ya kawaida haikuwa imebadilika kwa kiasi hicho ndani ya wiki chache. Kilichobadilika ni imani kwamba deni litapata wa kulilipia.

Cha tatu, tazama akiba ya benki kuu inavyokwenda kwa miezi kadhaa. Ikishuka mfululizo huku nakisi ikiwa palepale, maana yake wageni wamepunguza kuleta fedha na benki kuu inaziba pengo kwa mfuko wake. Mfuko una mwisho. Kipimo kinachotumika sana ni miezi mingapi ya manunuzi ya nje akiba inaweza kugharamia. Miezi mitatu ilizoeleka kuwa sakafu, na Jumuiya ya Afrika Mashariki imejiwekea lengo la miezi minne na nusu.

Mwisho uliza fedha zimenunua nini, na kama hicho kilichonunuliwa kitaleta fedha za kigeni au kitapunguza haja yake. Swali hili ndilo gumu kuliko yote kwa sababu jibu haliko kwenye jedwali. Boti na mtambo vyote huandikwa kama bidhaa za mtaji. Hata neno “uwekezaji” peke yake lisikutulize: boti za Ematum nazo zilikuwa uwekezaji.

Je, kuna kiwango ambacho nakisi ikikivuka ni hatari? Huwa nasikia asilimia 5.

Asilimia 5 ya pato la taifa ni namba ya kumfanya mtu afungue jedwali na kusoma, basi. Mexico ilikuwa na nakisi ya karibu asilimia 7 mwaka 1994, Thailand karibu 8 mwaka 1996, na zote ziliporomoka. Thailand hasa kwa sababu mabenki na makampuni yake yalikuwa yamekopa dola kwa muda mfupi na kuzimimina kwenye majengo. Norway ilipita asilimia 10 katika miaka ya 1970 ilipokuwa ikinunua majukwaa ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini, nasi sote tunajua ilivyoishia. Australia iliishi na nakisi karibu kila robo mwaka tangu katikati ya miaka ya 1970 hadi 2019, wakati mwingine asilimia 6, na haikufilisika, kwa kuwa wageni walikuwa tayari kuweka fedha zao humo na hatari ya sarafu haikuwakalia Waaustralia peke yao.

Nchi ndogo na changa haina anasa ya Australia. Lakini tofauti hiyo haiko katika asilimia, iko katika masharti ya fedha zinazoingia.

Nakisi ya biashara na nakisi ya akaunti ya kawaida ni kitu kimoja?

Hapana. Nakisi ya biashara ni ya bidhaa tu. Tanzania huagiza bidhaa nyingi kuliko inazouza, lakini utalii huziba sehemu kubwa ya pengo hilo. Mwaka 2023 utalii uliingiza zaidi ya dola bilioni 3, takribani sawa na dhahabu. Kenya huziba kwa utalii, na zaidi ya yote kwa fedha za ughaibuni, ambazo mwaka 2023 zilipita dola bilioni 4.

Je, ziada ni dalili ya afya?

Inategemea imepatikanaje. Sri Lanka ilishindwa kulipa madeni yake ya nje Aprili 2022, na mwaka 2023 ikapata ziada kwenye akaunti ya kawaida. Watalii walikuwa wamerudi, ndiyo, lakini pia watu walikuwa wameacha kununua vya nje kwa sababu hawakuwa na uwezo.

Cabo Delgado kuna mfano wa karibu zaidi. Machi 2021 wapiganaji walivamia mji wa Palma, ambako sokoni utasikia Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, na mwezi uliofuata TotalEnergies ikasimamisha mradi wake mkubwa wa gesi wa nchi kavu kwenye rasi ya Afungi. Mitambo iliyokuwa iagizwe haikuagizwa. Kwa hesabu, nakisi ya Msumbiji katika miaka iliyofuata ilikuwa ndogo kuliko ambavyo ingekuwa. Hakuna aliyesherehekea.

Serikali ikipiga marufuku bidhaa za nje, nakisi itaisha?

Kwa kawaida haiishi. Kama uwekezaji na akiba ya nchi havijabadilika, pengo kati yake halijabadilika, na nakisi itatokea kwenye mstari mwingine. Marufuku ya samani za nje inaweza kuwafaa maseremala. Huo ni ubishi mwingine. Ila fedha zisizonunua samani zitanunua kitu kingine, na vingi vya hivyo vitatoka nje au vingeuzwa nje. Marufuku hupunguza nakisi pale tu inapowafanya watu au serikali waweke akiba zaidi, au inapoua uwekezaji. Hiyo ya pili hutokea mara nyingi zaidi ya wanavyotaka kukiri wanaoipendekeza, hasa vinapozuiwa vipuri na malighafi.

Ule mstari wa makosa na yaliyoachwa una maana gani?

Pande mbili za hesabu hukusanywa kutoka vyanzo tofauti: forodha, mabenki, ripoti za kampuni, hojaji za watalii. Hazikutani kamwe. Tofauti ndiyo huandikwa hapo ili jumla iwe sifuri. Mahindi na maharage yanayovuka Busia au Namanga kwa baiskeli bila karatasi huanguka humo, na dhahabu isiyotangazwa pia.

Namba ndogo inayobadilika alama mwaka hadi mwaka haina neno. Namba kubwa ya kutoa, inayojirudia, inaashiria kwamba kuna fedha zinaondoka nchini bila kuandikwa, au kwamba mauzo ya nje yamekuzwa vitabuni. Hapo hata nakisi iliyotangazwa usiiamini sana.

Uganda na Tanzania zinajenga bomba la mafuta. Tutarajie nini kwenye takwimu?

Bomba la EACOP lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Miaka ya ujenzi, mabomba na mitambo ya visima vya Tilenga na Kingfisher huingia kama bidhaa na wakandarasi wa nje kama huduma, na hivyo huipanua nakisi ya Uganda hasa. Upande wa pili utaona uwekezaji wa moja kwa moja ukipanda. Hiyo ndiyo jozi ya kutazama: vikipanda pamoja na kushuka pamoja, nakisi inajilipia. Nakisi ikibaki juu baada ya ujenzi kuisha na uwekezaji kushuka, kuna kitu kingine kinakopewa, na mara nyingi ni bajeti ya serikali.

Mafuta yakianza kutiririka, usishangae mstari wa faida kwenda nje ukirefuka mwaka huohuo; ni ile 12 yetu. Tanzania haitauza mafuta hayo. Kwake faida itaonekana zaidi kwenye huduma za usafirishaji, kodi, na gawio la asilimia 15 ya hisa za bomba zilizo mikononi mwa TPDC, shirika lake la mafuta.

Haya majedwali nitayapata wapi?

Benki Kuu ya Tanzania huyatoa kila mwezi ndani ya tathmini yake ya uchumi, na benki kuu za Kenya na Uganda huweka zao mtandaoni. Benki Kuu ya Msumbiji hufanya jambo zuri ambalo ningependa wengine waige: hutoa akaunti ya kawaida mara mbili, ikiwa na miradi mikubwa na bila miradi mikubwa. Ukikosa mgawanyo huo kwenye jedwali la nchi yako, chukua nakisi, toa uwekezaji wa moja kwa moja ulioingia mwaka huo, kisha fuatilia kinachobaki kwa miaka mitano au sita. Kipimo hicho ni cha mkono, hakina usahihi wa maabara, ila mabaki yakikua mwaka baada ya mwaka nenda moja kwa moja kwenye jedwali la deni la nje na utafute safu ya tarehe za kuiva.